"Mimi ni Frateri": Kujitambulisha Mtandaoni Mbele ya Mataifa Mengine

Tuchukue mkutano wa vijana wakatoliki unaofanyika kwa Zoom mwezi Januari. Sisi tupo Mbeya, wengine Lubumbashi, Roma na New York. Tupo ishirini. Kila mmoja akijitambulisha kwa dakika mbili, dakika arobaini zimekwisha kabla ya ajenda ya kwanza. Kwa nusu dakika kila mmoja, tunatumia kumi tu. Basi tuseme nini ndani ya nusu dakika hiyo?

Kwanza, salamu. Kwetu ni saa tisa alasiri, Lubumbashi saa nane, Roma saa saba mchana, na New York ni saa moja asubuhi. Salamu ya "za mchana" haiwafai wote. "Tumsifu Yesu Kristo" ni nzuri, lakini inasubiri kuitikiwa, na vipaza sauti vya wengi vimezimwa. Tumwachie mwendesha mkutano aitoe mara moja kwa niaba ya wote. Sisi tuseme "Salamu kwenu nyote", kisha tuendelee.

Pili, cheo. Hapa ndipo kosa hutokea mara nyingi. Tanzania tukisema "Frateri", kila muumini anaelewa kuwa ni mseminari anayejiandaa kwa upadre. Lakini kwa Kiitaliano neno linalofanana nalo, "frate", humtaja mtawa, kama wale Wafransisko. Tukilitafsiri kwa Kiingereza kuwa "brother", msikilizaji anaelewa bruda wa shirika. Kosa hili hujulikana baadaye, pale mtu anapouliza, "Wewe ni wa shirika gani?" Dawa yake ni kueleza hatua tuliyopo badala ya kutegemea cheo.

Tatu, mahali. "Natoka Parokia ya Mtakatifu Yosefu" hakumsaidii aliye mbali, kwa kuwa parokia za jina hilo ziko katika nchi nyingi. Tutaje mji na nchi.

Tukiyaunganisha, mseminari aitwaye Yohane angesema hivi:

"Salamu kwenu nyote. Niiteni Yohane. Nipo Mbeya, kusini magharibi mwa Tanzania. Ni mseminari wa jimbo, mwaka wa pili wa falsafa. Bado sijawa shemasi wala padre. Nazungumza Kiswahili na Kiingereza."

Sentensi ya mwisho inamjulisha mwendesha mkutano kama mkalimani atahitajika. Mkalimani akitafsiri baada ya kila msemaji, muda huongezeka karibu mara mbili; kwa hiyo sentensi ziwe fupi, na tutue baada ya kila moja.

Majina mageni husahaulika haraka. Kwa hiyo, kabla ya kuingia, tubadili jina linaloonekana chini ya picha yetu. Simu ya kuazima huweza kuonesha jina la mwenyewe, na Yohane akaitwa "Mama Neema" mkutano mzima. Tuandike jina la kuitwa na mahali: "Yohane – Mbeya, Tanzania".