Atalipa au hatalipa? Kusafisha mahojiano yaliyonaswa sokoni

Mama mmoja anayeuza nyanya kwa jumla katika soko la Kongowea, Mombasa, anaeleza habari za dalali aliyechukua kreti zake kwa mkopo. Nyuma yake jenereta inanguruma, mikokoteni inapita, wachuuzi wanaitana, na spika ya muuza dawa ya panya inarudia tangazo lilelile. Katika maelezo yake kuna neno moja linalobeba habari nzima: hatalipa. Mwandishi aliyesimama naye alilisikia sawasawa. Ukiicheza rekodi, unaweza kusikia atalipa. Kinachotenganisha maneno hayo mawili ni pumzi ndogo ya h, na pumzi hiyo huzama kwa urahisi katika zogo. Ikisalia, inaweza kufutwa na fundi mwenyewe anapoanza kusafisha.

Mwandishi alisikia vizuri kwa sababu alikuwa na masikio mawili na macho. Mwaka 1953 mtafiti Mwingereza Colin Cherry alichapisha majaribio yake kuhusu jinsi mtu anavyofuata sauti moja kati ya nyingi. Maneno ya watu wawili yakipita kila moja katika sikio lake, msikilizaji humfuata anayemtaka bila taabu kubwa. Yakichanganywa na kuingizwa pamoja katika masikio yote mawili, kazi inakuwa ngumu mno. Simu inayorekodi kwa kipaza sauti kimoja hufanya mchanganyiko huo wa pili. Habari ya upande gani sauti ilitoka haimo tena kwenye faili.

Ndiyo maana kelele za sokoni hazitibiwi kwa dawa moja. Jenereta hutoa mlio usiobadilika, kwa hiyo programu inaweza kuujifunza na kuupunguza. Maongezi ya watu hayana utulivu huo, na yako katika masafa yaleyale ya mama anayehojiwa, kwa kuwa nayo ni sauti za binadamu. Kuyatoa yote na kumwacha yeye peke yake ni sawa na kutaka kutoa maji kwenye maziwa yaliyokwisha kuchanganywa. Fundi anayelijua hilo hatafuti ukimya. Anatafuta nafasi, yaani mama awe mbele kidogo zaidi na soko lirudi nyuma kidogo zaidi.

Tuifanye kazi hiyo katika Audacity, programu ya bure inayotumiwa na wengi. Hatua ya kwanza ni kutengeneza nakala ya rekodi na kuiacha ya asili bila kuguswa. Ya pili ni kukata mngurumo wa chini kwa `High-Pass Filter`, ukiweka karibu hezi 100. Sauti ya mwanamke inapozungumza kwa kawaida huanzia juu ya hapo, kwa hiyo kinachoondoka ni mtikisiko wa magari, upepo uliogonga kipaza sauti na sehemu ya jenereta. Hapo tayari rekodi inapumua.

Kisha inakuja `Noise Reduction`, na hapa ndipo wengi huharibu. Unachagua sekunde moja au mbili ambapo jenereta inasikika na hakuna anayesema karibu, unabonyeza `Get Noise Profile`, halafu unaichagua rekodi nzima na kupunguza. Kishawishi ni kuchagua kipande chenye maongezi ya watu, ukiamini kwamba programu itayafuta. Haitayafuta. Itayachukua masafa ya sauti ya binadamu kuwa uchafu, na mama ataanza kusikika kama anayesema ndani ya pipa la maji, huku vilio vidogo vya kengele vikimfuata kila silabi. Hata ukichagua kipande sahihi, punguza desibeli 6 tu mwanzoni. Pumzi ya h haina mlio wa koo. Ni hewa inayopita, na kwa programu inafanana sana na kelele. Ukipunguza kwa nguvu, hatalipa inageuka atalipa, na dalali aliyekataa kulipa anakuwa amekubali.

Kuna kitufe kimoja kwenye dirisha hilo ambacho watu hukipita, nami nakiona ndicho chenye thamani kuliko vyote: `Residue`. Ukikichagua, programu inakusikilizisha kile inachotaka kuondoa badala ya kile kitakachobaki. Vaa vipokea sauti vya masikioni usikilize. Ukisikia jenereta peke yake, endelea. Ukianza kusikia vipande vya maneno ya mama, hata kama ni s na h tu, basi umezidisha. Rudisha chini mpaka vipotee, kisha urudi kwenye `Reduce`.

Kwa maongezi yenyewe, kazi ni ya mkono. Kwa `Envelope Tool` unashusha sauti katika mapengo kati ya sentensi zake, desibeli 4 hadi 6, taratibu, na kuipandisha kabla hajaanza tena. Kuinyamazisha kabisa ni kosa, kwa sababu sikio hushtuka zaidi na kelele inayokatika na kurudi kuliko kelele inayoendelea. Soko likipotea ghafla kila anapovuta pumzi, msikilizaji ataacha kufuata habari na kuanza kufuata mapengo. Tangazo la dawa ya panya lililoingia kwenye pengo unaweza kulikata na kuziba kwa kipande cha zogo la kawaida. Lililoangukia juu ya maneno yake haliwezi kukatwa bila kuyakata na maneno.

Mwisho ni kupandisha kidogo eneo la hezi 2,000 hadi 4,000 kwa `Filter Curve EQ`, kama desibeli 3. Mtu angeuliza: si utapandisha na maongezi? Ndiyo, ila si kwa kiasi kilekile. Konsonanti za watu walio mbali hufifia njiani zikizuiwa na miili, magunia na nguo, na kinachofika kwenye simu ni hasa mvumo wa irabu zao. Za mama aliye karibu bado ni kali, kwa hiyo yeye ndiye anayefaidika zaidi.

Nafasi kubwa kuliko hizo zote, hata hivyo, hupatikana sokoni. Kila unapoupunguza kwa nusu umbali kati ya kipaza sauti na mdomo, sauti ya msemaji hupanda kwa takriban desibeli 6, huku zogo likibaki karibu palepale. Kutoka sentimita 60 hadi 15 ni desibeli 12, tofauti ambayo mchujo haukupi bila kuharibu. Kabla ya kuondoka, mwombe mama mnyamaze wote wawili kwa nusu dakika huku simu ikirekodi. Zogo hilo tupu ndilo utakalozibia viraka.

Ukimaliza, usiamini masikio yako mwenyewe. Umekwisha kujua alichosema, na akili hujaza palipokosekana. Mpe mtu asiyejua mahojiano hayo ayasikilize kwenye spika ya simu ya kawaida na aandike anachosikia. Akiandika atalipa, au akisitasita, mpigie mama simu uhakikishe, kisha sema sentensi hiyo kwa sauti yako katika simulizi, na sauti yake iendelee chini yake mpaka anapofika kwenye maneno yanayosikika.