Mzee wa kijiji na majibu matatu

Katika michezo ya video ya masimulizi, mchezaji huchagua jibu kwenye skrini na hadithi hugeuka kulingana na uchaguzi wake. Mwandishi hupata tabu hasa anapotunga maneno ya mzee wa kijiji, kwani huyo ndiye anayeuliza maswali ya haki na batili.

Chukulia kijiji cha kubuni chenye ukame, ambako kila nyumba imeruhusiwa ndoo mbili za maji kwa siku. Usiku kisima kimechotwa kwa siri, na mchezaji amemwona Juma, ambaye mamaye ni mgonjwa. Asubuhi mzee anauliza ni nani aliyechota. Mchezaji aweza kumtaja Juma, kukana, au kujitwisha kosa.

Iwapo kila jibu litafungua njia yake, na mazungumzo yana maswali matano, mwandishi atalazimika kutunga majibu 363 ya mzee. Kwa sababu hiyo njia hutenganishwa kwa sentensi moja au mbili, kisha hukutanishwa tena. Majibu hubaki 15. Tofauti huhifadhiwa katika vigeu, yaani kumbukumbu ndogo za mchezo. Lugha ya ink, ambayo kampuni ya inkle ya Cambridge, Uingereza, iliitoa kwa matumizi huria mwaka 2016, huandika hivi:

```
VAR imani = 0
VAR juma_atajwa = false

* Ni Juma.
  ~ imani = imani + 1
  ~ juma_atajwa = true
* Sikuona mtu.
  ~ imani = imani - 1
* Ni mimi, mzee.
- Na ndoo iko wapi?
```

Mstari wa mwisho ndio mahali pa kukutania, nao ndio mgumu kuliko yote. "Kwa nini umemtaja mtoto?" ungefaa jibu moja tu. Swali la ndoo linafaa yote matatu: kwa msema kweli ni ombi la ushahidi, kwa aliyekana ni mtego, na kwa aliyejitwisha kosa ni mtihani.

Vigeu ni viwili kwa makusudi. Kingekuwa kimoja, mchezaji angegundua upesi kwamba ukweli hulipwa kila mara, na kuanzia hapo angekusanya alama badala ya kupima dhamiri. Hapa kumtaja Juma kunaongeza imani ya mzee, lakini kesho yake mlango wa mama Juma haufunguki.

Kasoro hudhihirika mchezaji anaporudi kwa mzee mara ya pili. Ikiwa mzee anaitikia "Marahaba" kwa furaha ileile kwa mtu aliyemdanganya jana, mwandishi amesahau kukagua kigeu cha imani. Ndiyo maana kila njia husomwa kwa sauti, tangu salamu hadi kuagana. Na jibu ambalo halibadilishi neno lolote mbele ya safari hufutwa, hata likiwa limeandikwa vizuri.