Chumba kiko, bei ni hii

Mtu anayetafuta chumba Kasungami huanza kwa ujumbe mfupi wa simu: "Mama, chumba kingali?" Jibu analopata mara nyingi ni fupi vilevile: "Kiko, kuya uone." Anapanda moto, anafika, kisha anaambiwa garanti ni miezi sita. Nauli imekwenda, na siku nayo.

Mwenye parsele anayejua kazi huandika yote mara moja, hivi kwa mfano:

"Jambo Papa. Chumba kingali. Ni dola 40 kwa mwezi, garanti miezi mitatu. Siku ya kuingia unaleta 160: 120 za garanti na 40 za mwezi wa kwanza. Umeme wa SNEL tunagawana. Maji ni ya kisima cha uani. Choo ni cha wote, kila mpangaji ana zamu ya kukisafisha. Geti linafungwa saa nne usiku. Jumamosi saa kumi za jioni, si za asubuhi, niko nyumbani. Kuona ni bure."

Miezi mitatu si huruma ya Mama huyo. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 imeweka kikomo hicho kwa nyumba ya kukaa. Wenye nyumba wengi bado wanadai zaidi, na mwenye shida ya kulala hana nguvu ya kubishana. Basi aulize mapema, kwa maandishi, ili jibu libaki kwenye simu.

Garanti ni pesa ya mpangaji iliyokaa kwa mwenye nyumba, na ugomvi wake huja siku ya kuhama. Kitasa kilivunjwa na nani? Ukuta ulikuwa na ufa tangu zamani? Ndiyo maana kabla ya kuingia wawili hao wanazunguka chumba pamoja, wanaandika hali ya mlango, dirisha, taa na bati, kisha kila mmoja anatia saini. Bila karatasi hiyo, zile 120 hugeuka kuwa rangi na saruji.

Kama bei ni ya dola, jibu liseme pia ukilipa faranga ni kwa kiwango cha siku gani. Na noti ya dola iliyochanika itakataliwa, hata ikiwa ni mchaniko mdogo kama ukucha.

Kuhusu siku ya kuona, mimi ningechagua siku inayofuata mvua kubwa, kati ya Novemba na Machi. Doa la bati linalovuja halifichiki siku hiyo, na utajua kama moto inafika mlangoni au inakuacha barabarani.

Komisionere akitaka pesa kabla hujaona mlango, mwambie utamlipa funguo zikiwa mkononi. Ya mwenye nyumba yalipwe kwa risiti mbili: moja ya garanti, nyingine ya mwezi.