Komeo la Chuma, Mlango wa Mbao

Njombe, mwezi wa Julai, alfajiri. Mlango wa mbao wenye komeo la chuma umekaa nje usiku kucha, na vyote viwili vimefikia nyuzi 10 za sentigredi sawa na hewa iliyovizunguka. Kipimajoto hakitaona tofauti kati yake. Lakini komeo linauma vidole kwa baridi, na ubao unavumilika.

Ngozi haihisi halijoto ya mlango. Inahisi halijoto ya pale inapokutana nao, na hiyo hupatikana kwa mvutano. Ngozi yenye nyuzi 33 inavuta juu, mlango unavuta chini, na mwenye nguvu zaidi ndiye anayeiweka karibu na halijoto yake. Nguvu hiyo, tuiite e, ni kipeuo cha pili cha zao la vitu vitatu: wepesi wa kupitisha joto, msongamano, na kiasi cha joto kinachohitajika kupandisha kilo moja kwa nyuzi moja. Kwa vipimo vya kimataifa, ngozi ina takriban 1,100, mbao laini 400, chuma 14,000. Halijoto ya mguso ni:

T = (e₁T₁ + e₂T₂) / (e₁ + e₂)

Tukiweka namba zetu, ngozi kwenye ubao inabaki na nyuzi 27 hivi. Kwenye komeo inaporomoka hadi karibu 12. Ndiyo maana twaapa kwamba chuma kina baridi zaidi.

Kwenye joto mambo hugeuka. Vyote vikiwa na nyuzi 60, ubao utaifikisha ngozi kwenye 40 tu, ilhali chuma kitaipeleka 58, na hapo utaungua.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba halijoto hiyo haifikiwi polepole. Kwa mujibu wa hesabu hujitokeza mara tu ngozi inapogusa, kisha hukaa palepale. Kinachopungua kadiri muda unavyokwenda ni kasi ya joto kupita.

Sharti lake ni vitu vyote viwili kuwa vinene kiasi kwamba joto halijafika upande wa pili. Kwa sekunde moja, badiliko la joto huzama kama theluthi ya milimita kwenye ngozi, na kama milimita nne kwenye chuma. Komeo nene linatimiza sharti kwa muda huo. Ukiendelea kulishika, damu huleta joto jipya na hesabu hupotoka. Kutu na mikwaruzo pia hupunguza makali, kwa kuwa hewa hubaki kati ya kidole na chuma.

Bati la paa halitimizi sharti. Unene wake ni sehemu ndogo ya milimita, na joto hulivuka kabla hata ya sehemu ya mia ya sekunde. Likiguswa kwa kidole asubuhi hiyohiyo, huanza kwa ubaridi wa chuma, kisha sekunde chache baadaye sehemu iliyo chini ya kidole imeshaanza kupata uvuguvugu.