Safaricom ni ya Nani? Kunukuu Habari za Kampuni Katika Insha

Habari za kampuni zinazotajwa katika insha huwa na chanzo cha kwanza, yaani hati iliyotolewa na yule aliyewajibika kisheria kuitoa: ripoti ya mwaka, hesabu zilizokaguliwa au tangazo kwa wanahisa. Gazeti na kamusi elezo ni chanzo cha pili. Husimulia yale ambayo mwingine ameyasoma. Tofauti hiyo hujitokeza katika swali linaloonekana jepesi: Safaricom ya Kenya inamilikiwa na nani?

Muhtasari mmoja husema Vodafone ya Uingereza inamiliki asilimia 40. Mwingine husema Vodacom ya Afrika Kusini inamiliki asilimia 35. Mwandishi akizichukua zote mbili, kisha akaongeza asilimia 35 ambazo Serikali ya Kenya ilikuwa nazo mwaka 2023, anapata asilimia 110, na bado hajawafikia wanahisa wadogo walionunua katika Soko la Hisa la Nairobi.

Fumbo hilo hufumbuliwa na hati zenyewe. Orodha ya wanahisa wakubwa katika ripoti ya Safaricom ya mwaka wa fedha ulioishia 31 Machi 2023 haimtaji yeyote kati ya hao wawili. Inaitaja Vodafone Kenya, yenye hisa bilioni 16 kati ya 40,065,428,000, sawa na asilimia 39.93. Nayo Vodafone Kenya ina wenyewe: mwaka 2017 Vodacom ilichukua asilimia 87.5 ya kampuni hiyo. Asilimia 87.5 ya 39.93 ni 34.94. Kumbe hisa ni zilezile, zimehesabiwa katika ngazi mbili tofauti, na kila muhtasari uliacha kutaja ngazi yake.

Kwa hiyo sentensi ya insha huandikwa hivi: “Kufikia 31 Machi 2023, Vodafone Kenya ilimiliki asilimia 39.93 ya hisa za Safaricom.” Baada yake huja jina la kampuni iliyotoa ripoti, jina la ripoti, mwaka na ukurasa. Tarehe si pambo. Umiliki hubadilika, na “mwaka 2023” wa Safaricom ulianza Aprili 2022, jambo linalowapotosha wengi wanaolinganisha mapato yake na ya kampuni inayofunga hesabu Desemba.

Ripoti ya mwaka nayo ina mipaka. Mkaguzi huthibitisha hesabu tu, barua ya mwenyekiti kurasa za mbele ni maneno ya kampuni ikijieleza, na hunukuliwa hivyo: “kampuni inasema.” Kuhusu mgogoro au faini, hati ya kwanza ni hukumu ya mahakama au uamuzi wa mamlaka ya udhibiti.

Ripoti isipopatikana, hunukuliwa gazeti lililosomwa kweli, pamoja na maelezo kwamba limeinukuu ripoti. Kuiorodhesha ripoti ambayo mwandishi hajaifungua ni udanganyifu, hata kama tarakimu ni sahihi.