Chati ya Nyota kwa Mtoto Anayetoka Kitandani

Watoto wengi wa miaka mitatu hadi mitano hulazwa mapema lakini hawatulii. Mtoto hulazwa, akatoka. Hurudishwa, akatoka tena. Katika somo hili tutaona jinsi chati ya nyota inavyoweza kumsaidia mtoto abaki kitandani. Tutaona pia kwa nini zawadi nyingine hufaa na nyingine hazifai.

Mfano wa Jangwani

Tuchukue mfano wa mama mmoja anayeishi Jangwani, Dar es Salaam. Amepanga chumba kimoja, anakaa na bibi na mtoto wa kike wa miaka minne. Mama huyu hupika vitumbua vya kuuza. Saa mbili na nusu usiku humlaza mtoto ndani ya chandarua. Kisha huenda uani kutayarisha mchele wa vitumbua vya kesho. Saa kumi alfajiri lazima aamke kuwasha jiko.

Haupiti muda mtoto yuko uani. "Mama, nataka maji." Anapewa maji, anarudishwa. Baadaye: "Mama, mkojo." Halafu: "Mama, nasikia njaa." Anapewa kipande cha andazi ili anyamaze. Mtoto analala saa nne na nusu. Mama analala saa tano na nusu.

Hasara ni tatu. Mtoto wa miaka mitatu au minne anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, pamoja na ule wa mchana. Huyu hapati. Pili, kila akitoka anaacha chandarua wazi, na mbu wa malaria wanaingia. Tatu, uani pana jiko la moto, na mama amechoka.

Kwa nini zawadi ya kwanza haikufaa

Mama alimwambia mtoto: "Ukilala vizuri mpaka Idi, nitakununulia viatu." Usiku wa pili mtoto alikuwa uani tena. Je, ni mkaidi? La. Zawadi yenyewe ilikuwa na kasoro.

Kwanza, ilikuwa mbali mno. Kwa mtoto wa miaka minne, wiki tatu ni kama hazipo. Pili, "kulala vizuri" hakueleweki. Mtoto hawezi kujiamuru apate usingizi. Anachoweza ni kubaki kitandani. Tatu, akikosa usiku mmoja anaona viatu vimekwisha potea, basi haoni sababu ya kujaribu tena.

Lakini kasoro kubwa zaidi ni hii: ilikuwapo zawadi nyingine ambayo mama hakuiona. Kila mtoto alipotoka alipata maji, andazi na mazungumzo ya mama. Kutoka kulilipwa palepale. Kubaki kungelipwa siku ya Idi. Hata mkubwa angechagua kutoka.

Hesabu kwanza

Kabla ya kuanza chati, mama alihesabu kwa siku tatu mara ambazo mtoto alitoka. Usiku wa kwanza ni mara 5, wa pili mara 6, wa tatu mara 4. Jumla ni 15. Gawanya kwa 3, unapata 5. Hesabu hii ndiyo mwanzo wa kazi. Mtoto anayetoka mara 5 usimwambie leo asitoke hata mara moja. Atashindwa usiku wa kwanza, na chati itakufa.

Jinsi ya kufanya

Mama alichukua kalenda ya zamani ya ukutani akaigeuza nyuma. Akachora visanduku 14, kimoja kwa kila usiku. Alinunua stika za nyota, yaani vikaratasi vyenye gundi nyuma. Asiyepata stika achore nyota kwa kalamu ya rangi.

Kisha alikata kadi mbili kutoka kwenye boksi. Akamwambia mtoto: "Kadi moja ni ruhusa ya kutoka mara moja. Ukitoka, unanipa kadi. Kadi zikiisha, unabaki kitandani. Ukibaki, asubuhi unabandika nyota." Njia hii ya kadi ilielezwa na wataalamu wa Marekani mwaka 1999. Ubora wake ni kwamba mtoto ana njia ya kuomba maji au kwenda chooni, lakini njia hiyo ina mwisho.

Kabla ya kumlaza, mama alimpa maji na kumpeleka chooni. Alipomlaza alisema: "Nitakuja kukuona." Baada ya dakika mbili alikwenda, akamkuta kitandani, akamshika kichwa na kusema: "Umebaki kitandani. Vizuri." Akaondoka. Akarudi baada ya dakika tano, kisha kumi. Sasa mtoto anampata mama kwa kubaki, si kwa kutoka.

Asubuhi, kabla ya kunawa uso, mtoto alibandika nyota mwenyewe. Nyota isingoje jioni. Kila nyota tatu zilimpa zawadi siku hiyohiyo: hadithi mbili badala ya moja, au kwenda na bibi jioni kutazama mabasi ya mwendokasi katika barabara ya Morogoro. Si lazima nyota tatu zifuatane. Na nyota iliyopatikana haiondolewi, hata mtoto akikosea mchana.

Usiku mgumu

Usiku wa tatu mtoto alimaliza kadi, akatoka mara 7 nyingine. Mama alidhani chati imeshindwa. Kumbe mtoto alikuwa anapima kama mlango wa zamani umefungwa kweli. Jambo hili hutokea mara nyingi.

Wakati huo mrudishe kitandani bila maneno, bila chakula na bila kumchapa. Hata kugombeza ni mazungumzo. Ukichoka ukampa andazi safari ya saba, umemfundisha kwamba safari saba zinalipa. Kesho atakuja mara nane. Kwa hiyo bibi na wapangaji wenzako nao waelezwe, wasimpe kitu.

Asubuhi hapakuwa na nyota, wala hapakuwa na maneno makali. Mama alisema: "Leo usiku utajaribu tena." Usiku wa nne mtoto alitoka mara 2. Alipopata nyota tano, kadi zikawa moja. Baada ya visanduku vyote 14 chati iliondolewa, lakini mama aliendelea kwenda kumwona mtoto na kumsifu.

Ikiwa wiki mbili zimepita na nyota ni chache, tazama mambo mawili. Je, lengo ni gumu mno? Je, kuna mtu bado analipa kutoka?

Chati haitibu kila kitu

Mtoto anayejikuna sehemu ya haja kubwa usiku huenda ana minyoo. Mwenye homa, anayekojoa mara nyingi kuliko kawaida, au anayekoroma na kukatika pumzi, apelekwe kituo cha afya. Mwenye hofu kubwa naye hahitaji chati. Bonde la Msimbazi lilipofurika Desemba 2011, maji yaliingia katika nyumba za Jangwani. Mtoto aliyepatwa na jambo kama hilo anahitaji mtu mzima alale karibu naye kwanza.

Maswali ya kujadiliana

1. Mtoto wako akitoka kitandani, hupata nini palepale?
2. Kwa nini mama alihesabu kabla ya kuanza chati?
3. Mtoto anatoka mara 3 kila usiku. Utampa kadi ngapi kwanza? Kwa nini?