Nondo Hupimwa kwa Kilo

Hotuba ya mwenye duka la vifaa vya ujenzi la Bukoba mjini, siku ya kufungua duka lake la pili, Muleba

Ndugu mgeni rasmi, viongozi wa dini, wazee wangu, mafundi, na nyinyi wateja mliotoka Kamachumu, Nshamba na Rubya: asanteni sana, waitu. Naona wengine mmefika kabla hata turubai halijafungwa.

Shukrani zangu zina sababu. Kwa miaka mingi mtu wa Muleba alipanda gari hadi Bukoba, akanunua bati na nondo kwangu, kisha akaanza kuhangaika na usafiri wa kurudisha mzigo. Bei niliyomtajia ilikuwa ileile niliyomtajia mtu wa Bukoba mjini. Ila wa mjini aliondoka na kirikuu hadi mlangoni kwake, na wa Muleba alisubiri fuso ijae. Nondo zikakunjwa katikati ili zienee, bati likafika limepinda kingo, na gharama ya njiani ikala lile punguzo nililodhani nimempa. Nyinyi mliendelea kuja hivyo hivyo. Kwa hiyo duka hili, kusema kweli, limetokana na nauli zenu.

Watu wananiuliza kwa nini sikuongeza duka Bukoba kwenyewe, mjini kuna pesa. Ipo, lakini inakuja kwa mwendo wa mshahara, kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi. Pesa ya Muleba ina majira yake. Kahawa ikianza kuvunwa mwezi Mei na malipo ya mnada yakapita kwenye vyama vya msingi, mtu anakuja kununua paa zima kwa siku moja. Visiwani nako, Bumbire na Goziba, mambo yanafuata mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza; mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inapumzika, na hapo ndipo mvuvi anapata nafasi ya kuvuka kuja kutafuta misumari, mbao na bati. Ukiwa na duka hapa lazima ujue kalenda hizo mbili, la sivyo utajaza stoo wakati wateja hawana kitu, na watakapokuwa nacho wewe huna mzigo.

Saruji ndiyo inayoumiza kichwa zaidi. Bati linaweza kukusubiri hadi msimu, saruji haisubiri. Mvua ya huku mnaijua. Unyevu unapanda kutoka sakafuni na kuingia kupitia ukutani. Ndiyo maana stoo ya hapa mtaikuta mifuko imelazwa juu ya vichaga vya mbao, mbali na ukuta, na mzigo wa zamani ukitoka kwanza. Nitaleta kidogo, mara kwa mara, hata kama usafiri wa namna hiyo ni ghali kwangu. Na wewe ukifungua mfuko ukakuta mabonge, yabonyeze kwa vidole. Yakisagika yote, ni mgandamizo tu wa kupangwa. Yakibaki magumu kama kokoto, saruji hiyo imeanza kushika. Usiipeleke kwenye nguzo wala linta, rudisha.

Sasa niseme jambo lililonifanya niweke mizani pale mlangoni. Baada ya tetemeko la Septemba 10, 2016, la ukubwa wa 5.9, watu wa Kagera tuliona nyumba zilivyopasuka. Tangu hapo hata anayejenga vyumba vitatu anamuuliza fundi habari za mkanda wa zege unaozunguka kuta zote. Mahitaji ya nondo yakaongezeka, na nondo nyembamba nazo zikapata soko. Imeandikwa 12, ukiitazama unaona 12, kwa sababu zile mbavu zake zinadanganya jicho. Hata ukiipima unene, ukigusa mbavu unapata namba moja, ukigusa katikati unapata nyingine.

Kilo haina mbavu. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inatakiwa kuwa na uzito wa kilo 10.7 hivi. Ya milimita 10 kwa urefu huohuo ni kilo 7.4. Viwango vinaruhusu tofauti ya asilimia chache, kwa hiyo usigombane na mtu kwa gramu mia mbili. Lakini ya 12 ikishuka chini ya kilo 10, hapo pana neno. Pima urefu kwanza, maana nyingine zimepungua urefu na unene vyote viwili.

Tuchukue nyumba ambayo kuta zake zote, za nje na za ndani, zinafika mita 60. Fundi anataka nondo nne kwenye mkanda, hizo ni mita 240, sawa na nondo 20. Ukiongeza sehemu za kuunganishia weka 22. Sasa umeuziwa nondo inayoitwa 12 lakini kwa kweli ni 11. Milimita moja tu! Nondo hiyo ina kilo 9, si 10.7. Kwenye zote 22 umepoteza kilo 37, yaani umelipia nondo tatu na nusu ambazo hazikupanda kwenye gari lako. Na hasara ya pesa ndiyo ndogo hapo; mkanda mzima umepungukiwa chuma kwa asilimia 16, na umeshafunikwa zege, hakuna atakayeuona.

Ndiyo maana bei yangu ya nondo huenda ikazidi kidogo ya jirani. Sisemi jirani ni mwizi. Huenda naye kauziwa hivyo hivyo na hakupima. Nawaomba mgawanye bei kwa kilo, kwake na kwangu, kisha mchague.

Kwenye bati nitasema machache. Namba ya geji ikipanda, bati linakuwa jembamba: geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 kuliko 32. Uliza unene kwa milimita, uandikwe kwenye risiti. Duka hili lina leseni yake na mashine yake ya risiti, halitegemei vitabu vya Bukoba, kwa hiyo asiondoke mtu mikono mitupu.

Kuna wanaotaka kulipa kidogo kidogo. Mnakaribishwa. Bei tutaiandika siku unayoanza kulipa, na nitaishikilia kwa muda tutakaokubaliana. Muda huo ukipita, tunakaa chini upya. Lakini mzee asije kunipa kahawa ikiwa bado mtini ili nimpe bati leo. Butura sifanyi. Huyo anayekupa bati mwezi wa pili anajua vizuri bei ya kahawa ya mwezi wa saba, na hakuhesabii hiyo. Vuna, uza kupitia chama chako, kisha njoo, hata kama ni baada ya miezi mitano. Bati litakuwepo.

Mafundi, nyinyi mna neno lenu nami. Najua desturi ya mwenye duka kumpa fundi chochote akileta mteja. Hapa chai ipo, lakini haitaingizwa kwenye bei ya mteja. Atakayeona haimtoshi tuelewane leo mapema.

Mgeni rasmi akishakata utepe tutapima nondo tano, nyinyi ndio mtakaozichagua kwenye rundo, si mimi. Aliyekuja na kipande chake cha nyumbani naye apange foleni, kisipungue mita moja tu; mita moja ya 12 ni karibu gramu 890. Bodaboda tafadhali msiegeshe mbele ya geti la nyuma, fuso ya saruji inaingia saa nane. Karibuni ndani.